Mistari Mkononi Mwangu

Baba mkubwa alimpiga mgeni wetu kofi uani, mchana kweupe, na kabla hajasimama sawasawa akampiga la pili. Mtoto mdogo wa huyo mgeni alikuwa amemng'ang'ania mama yake kanga. Wote wawili wakaanguka juu ya mafiga, sufuria ikapinduka, uji ukamwagika majivuni.

"Umetuletea kunguni!" baba mkubwa alifoka. "Mmevuka ziwa na kunguni zenu! Leo utapanda lori uende kambini ukalale nao huko."

"Mzee, nihurumie," mgeni alisema. Midomo yake ilikuwa inatoka damu. "Mume wangu anaijua nyumba hii tu. Nikiondoka atanitafuta wapi?"

Hilo ndilo lililokuwa roho yake. Miaka ile mitumbwi ilikuwa ikishusha watu wa Burundi ufukweni Ujiji kama nyavu zinavyoshusha dagaa, wengine wazima, wengine maiti waliofumbwa macho na ndugu zao. Mgeni wetu alikuja na mtoto na turubai moja. Mumewe alibaki ng'ambo kumzika mama yake, wakakubaliana kwamba akivuka aulize nyumba yetu, maana zamani aliwahi kumuuzia babu mawese. Kambi zilikuwa nyingi, na watu walikuwa wanapotea ndani yake wakiwa hai.

Mambo yalikuwa yameanza na kuwashwa. Tuliamka tunajikuna, mimi na binamu yangu, na baba mkubwa zaidi ya wote. Tulisema ni mbu. Sisi ni watu wa ziwani, mbu tumezaliwa nao. Tukachoma mwarobaini, tukashona matundu ya vyandarua, tukachomeka pindo chini ya godoro. Tukazidi kuumwa. Kisha siku hiyo ya makofi, barazani mtaani, baba mkubwa akiwa na kanzu nyeupe katikati ya wenzake, kunguni alimtoka kwenye kola akatembea hadi kifuani. Mmoja wao akacheka. Baba mkubwa akarudi nyumbani na bakora.

"Onyesha mikono!" alimwamuru mgeni.

Alionyesha. Ilikuwa safi, haina hata kipele.

"Mnaona? Mifugo yake haimuumi mwenyewe!"

Akaingia chumba cha nje alicholala mgeni, ng'ambo ya ua, akavuta turubai, akavuta mkeka, akautia moto. Mtoto alilia hadi sauti ikakatika. Moshi wa ukindu ulitujaa machoni, na majirani walikuwa wamekwisha simama ukutani wakisema, "Wachome na nguo."

Mama alitoka kisimani wakati huo. Baba yangu alikuwa kazini kwenye treni, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya baba mkubwa, na mama alikuwa shemeji tu. Lakini alitua ndoo, akaokota turubai kabla halijashika moto, akalikung'uta juu ya shuka nyeupe, akapitisha kidole kwenye kila pindo.

"Hakuna kitu, shemeji."

"Wamejificha!"

"Kunguni akijificha huacha choo chake. Vidoa vyeusi, kama wino uliodondoka. Magamba yake, mayai yake. Hapa hakuna." Mama alisoma shule ya bweni, vita vya kunguni alivipigana akiwa msichana.

"Na mikono yake je? Mbona haina alama?"

"Wako watu wanaumwa na ngozi haisemi. Bwenini nililala kitanda kimoja na mwenzangu, mimi nimevimba kama nimechapwa, yeye laini kama sabuni. Ngozi safi haimwondolei mtu hatia, wala haimtii hatiani." Kisha akaniita. "Njoo wewe. Vua mkono wa gauni."

Akaushika mkono wangu juani. Vifundoni mwa miguu nilikuwa na vipele viwili vitatu vilivyotawanyika ovyo, vya jioni uani. Hivyo vilivimba palepale nilipoumwa na asubuhi vilikuwa vimeanza kunywea. Lakini kutoka kiwikoni hadi kiganjani vilipangana vingine, kimoja nyuma ya kingine, kama mshono wa cherehani. Shingoni pia. Sehemu zinazofunikwa na gauni la kulalia hazikuwa na kitu.

"Mbu anauma popote anaporuka," mama alisema. "Huyu hana mbawa. Anatembea kwenye ngozi iliyo wazi, anauma, anasogea, anauma tena. Si kila mara anapanga mstari, lakini huu ni wake. Unalala upande gani?"

"Ukutani."

"Na mkono huu?"

"Ndio wa ukutani."

Binamu yangu, aliyelala ukingoni, alikuwa na vipele vichache. Mama akamtazama, akanitazama, akaingia chumbani kwetu na tochi. Akasogeza kitanda. Ukutani, kwenye ufa mrefu wa udongo, vidoa vyeusi viliteremka kama mchanga uliomwagwa na mtu mwenye haraka. Ng'ambo ya ukuta ule kulikuwa na chumba cha baba mkubwa. Na kwenye ukuta huohuo kilikuwa kimeegemea kitanda chake kipya, mninga mtupu, chenye ubao wa kichwani uliochongwa maua, alichokinunua nyumba ya wageni ya bandarini ilipofungwa. Watu waliletwa kukitazama. Hakuna aliyeruhusiwa kukikalia.

Baba mkubwa aliziba mlango.

"Chumba changu huingii."

"Kunguni anakaa karibu na anayemlisha, shemeji. Hawezi kuvuka ua kila siku kutoka kwa huyu mama aje akuume wewe. Nipishe nitazame."

Bakora ilitua begani kwa mama. Nilisikia mfupa. Akampiga tena, mkononi, tochi ikaruka. Mama hakulia. Alienda kwenye kuni, akarudi na shoka, na uso aliokuja nao sijawahi kuuona tena kwa mtu yeyote. Baba mkubwa akarudi nyuma.

Mama akaingia, akapiga ubao wa maua mara moja tu, ukapasuka.

Wakamwagika. Wakubwa wekundu walioshiba, wadogo wa rangi ya nyasi kavu, mayai meupe yamegandana kwenye matundu ya misumari. Harufu ikapanda, tamu na chafu. Majirani waliokuwa wanasema wachome nguo wakarudi nyuma wakijipangusa.

Mgeni wetu ndiye aliyeleta maji yanayochemka. Akayamwaga kwenye kila kiungo, kwenye chaga, kwenye mishono ya godoro, mengine yakamrukia baba mkubwa miguuni, akapiga yowe. Kisha mgeni akachukua mchi. Alipiga mbao, alipiga sakafu, alipiga mahali ambapo hapakuwa tena na kunguni. "Mana yanje! Mana yanje!" alikuwa analia, akimwita Mungu wake kwa Kirundi, na kila mtu uani alijua kwamba hapigi wadudu. Viganja vyake vilikuwa vyekundu kwa damu yetu.

Honi ya lori ikasikika barabarani, lile la kwenda kambini kupitia Kidahwe. Karani wa kambi akachungulia langoni.

"Nimeambiwa kuna mkimbizi hapa."

Baba mkubwa alikuwa amekaa chini, miguu ndani ya beseni la maji baridi. Alimtazama mgeni, midomo iliyopasuka, mchi bado mkononi.

"Nani kakwambia?" alisema. "Hapa pana watu wangu tu. Nenda."

Hakumwomba radhi, siku hiyo wala baadaye. Mayai yaliyobaki yaliendelea kuanguliwa, nasi tuliziba nyufa kwa udongo na kurudia maji ya moto mpaka mikono yangu ikasafika.

Mume wa mgeni alifika msimu wa dagaa, mwembamba kama kasia, furushi kichwani. Aliuliza nyumba, akaelekezwa. Mgeni wetu alimwona kutoka mlangoni, akakimbia, kisha akasimama ghafla hatua chache mbele yake, mikono yote miwili juu.

"Oya! Hapana, usiingie," alimwambia, machozi yakimtiririka. "Weka furushi juani. Vua kila kitu. Maji yako motoni."