Barua ya Selina na Miezi Mikavu

Selina Mughwai, mzaliwa wa Mitundu, hakuwahi kuajiriwa. Alinunua asali kwa warinaji wa kwao, akaichuja na kuiuza kwa ndoo Singida Mjini. Nyuki waliifuata harufu hadi kwenye chumba alichopanga. Walipomuuma mtoto wa jirani, mwenye nyumba alimpa notisi ya kuhama, na Selina akasema amechoka kupanga.

Kulikuwa na nyumba inauzwa kata ya Unyambwa, yenye hati. Alipeleka benki maombi ya mkopo wa nyumba pamoja na leseni, risiti za kodi na taarifa ya akaunti ya miaka miwili. Afisa mikopo, binti aliyeitwa Magreth, aliipekua taarifa ile, akasita.

"Mama, kuna miezi hela zinaingia nyingi, mingine kimya kabisa. Wanaoamua wako makao makuu, hawakujui. Waandikie barua uwaeleze."

Selina alikwenda kwa Derick, kijana mwenye duka la kuchapa barua. Derick alianza: "Kipato changu ni cha uhakika kila mwezi."

"Futa," Selina alisema. "Taarifa yenyewe itanisuta."

Akamtajia mwenyewe ya kuandika: hununua na kuuza zaidi msimu wa urinaji, kisha huuza akiba kidogo kidogo, mwaka juzi mvua zilikataa, maua hayakuchanua, mauzo yakashuka. Akaambatisha risiti za wateja wake wa jumla. Akaahidi kutenga marejesho ya miezi mikavu wakati wa msimu, kwenye akaunti ya pembeni, benki ikate humo.

"Na hii hela kubwa iliyoingia Februari?" Derick aliuliza.

"Ng'ombe wa urithi. Kaka Alute aliwauza, akanitumia fungu langu."

"Si uiache tu, dada? Inakupandishia wastani wa mapato."

 Selina alijua kwamba bila fedha ile kuhesabiwa kwenye wastani, nyumba ingeweza kumponyoka.

"Andika kwamba si ya biashara. Waihesabu kama mchango wangu wa kununulia."

Baada ya wiki kadhaa Magreth alimwita.

"Shikamoo, mama. Mkopo umepita, ila wastani umepigwa kwa asali peke yake. Hata na mchango wako, haufikii bei ya nyumba ile."

Selina aliitikia marahaba. Alikuwa amelitarajia jibu hilo. Alikwenda kwa muuzaji, Mzee Nathanaeli, kumwomba apunguze.

"Nimeshapunguza, mwanangu," mzee alijibu. "Zaidi ya hapo siwezi."

Ikapatikana nyingine kata hiyohiyo, ndogo, haijapigwa plasta. Mthamini wa benki akaikagua, hati ikawekwa rehani, fedha za ng'ombe zikaziba pengo. Selina alihamia kabla ya mvua. Aliweka mapipa yake ya asali uani, mbali na majirani, akalala siku mbili mfululizo kwa uchovu.

Plasta ilisubiri msimu uliofuata wa asali. Ukuta wa mbele aliupiga kwanza.