Kabla Kitovu Hakijadondoka

Wanaoniita mkaidi hawakosei, na sijutii hata chembe.

Nyumbani kwa mama mkwe wangu, hapa Mjimwema, kichanga hatoki nje mpaka kitovu kidondoke. Mtoto wangu wa pili alikuwa hajamaliza wiki, na kila aliyechungulia alimsifu kwamba ni mpole, halii. Mama mkwe alifurahi, akaniambia nilale, nimebahatika.

Nilale nini? Jana yake alikuwa ananyonya mpaka anatoka jasho. Asubuhi ile nilimpa ziwa, likamtoka mdomoni. Nikamkwaruza nyayo, akakunja uso kidogo, akalala tena. Mwili ulikuwa wa baridi ndani ya blanketi mbili. Nikatazama kitovu: ngozi inayokizunguka imekuwa nyekundu, na kinanuka.

"Mama, huyu anaumwa."

"Anaumwa wapi, mwanangu? Hana hata homa. Yule wa kwanza ndiye aliyezaliwa na ugonjwa, huyu katoka mzima."

Yule wa kwanza ni kweli. Chupa ya uzazi ilipasuka mapema mno kabla ya uchungu, nami nikashikwa na homa. Siku ileile aliyozaliwa akawa anahema mbiombio, kifua kinabonyea. Tulikuwa bado wodini, wakamuwahi. Muuguzi alinieleza vizuri: maambukizi yakianza ndani ya siku tatu za mwanzo, mara nyingi mtoto kayapata kwa mama, tumboni au wakati wa kuzaliwa. Yakianza baadaye, mara nyingi kayapata huku nje, kwenye mikono yetu na kitovu. Akasema pia kichanga mgonjwa anaweza kuchemka au kupoa, vyote vibaya.

Nikamweka kifuani, ngozi kwa ngozi, nikajifunga kanga juu yake. Mama mkwe akasimama mlangoni.

"Mtoto bado mbichi. Watu watasema nini?"

"Waseme mpaka wachoke. Naomba nipite, mama."

Sikupaza sauti. Nikasogea hadi mlangoni. Alipoona sirudi nyuma, akasogea. Bodaboda alinifikisha hospitali, na muuguzi alipomgusa tu mtoto hakuniambia nikae foleni. Wakamtoa damu ya kupima, wakamwekea mpira wa mshipani, wakamwanzishia sindano za antibayotiki. Daktari akasema maambukizi yameshaingia kwenye damu. Akauliza kitovu kilipakwa nini.

Sikujua. Sauti ikatoka nyuma yangu, ya mama mkwe, aliyenifuata na chupa ya uji.

"Majivu na mafuta. Nilimpaka mimi, huyu mama yake akiwa anaoga."

Nilimkasirikia sana, siwezi kuficha. Lakini alikaa nami wodini mpaka dozi ilipoisha na mtoto akarudi kunyonya kwa nguvu.

Siku tuliyorudi, jirani mmoja akaniuliza kwa dharau nani aliniruhusu kumtoa mtoto nje. Nikafungua mdomo nimjibu. Mama mkwe akaniwahi.

"Mimi nilimkataza. Angenisikiliza, leo ungekuja msibani."