Mboga ya Kutoka Kwenye Droo

Kuna kipande cha kibaraza, mbele ya dirisha la wavu, ambacho Shamsiya hakukikanyaga tena tangu Desemba. Alikipita kwa pembeni, kama mtu anayekwepa dimbwi. Hapo ndipo Dorkasi, mfanyakazi wake, alipoukung'uta mkoba wake mbele ya wateja: kitana, Biblia ndogo iliyobanduka jalada, pakiti ya pedi, nauli ya kurudia nyumbani. Hakikuanguka kingine. Shamsiya alimwambia aondoke hivyohivyo, bila mshahara wa mwezi, na akalitamka neno mwizi kwa sauti iliyofika hadi kwa Rahimu, fundi cherehani wa jirani.

Shamsiya alikuwa wakala wa fedha za simu hapo Ngamiani, mjane wa miaka arobaini na minne aliyeikuza kazi ile kwa jua na mvua. Floti yake, yaani noti za kwenye droo pamoja na salio la laini zake zote, iliuanza mwaka ikiwa milioni sita. Hela hiyo haikupaswa kwenda popote. Mteja akiweka, noti zinaongezeka na salio linapungua. Akitoa, inakuwa kinyume. Jumla inabaki palepale. Lakini mwaka ulipokaribia kufunga, jumla ilikuwa milioni tatu na laki sita. Shamsiya alihesabu mara nyingi, na kila mara macho yake yakamwangukia yule msichana wa Lushoto aliyekaa dirishani. Nani mwingine alikuwa karibu na droo?

Aprili, msimu wa kupeleka hesabu za kodi ulipomkaribia, alimwendea mhasibu Tadeo kwenye chumba chake cha ghorofani. Mwaka huo alikuwa ameomba kutozwa kwa faida yake, si kwa mapato ghafi, kwa hiyo kila gharama ilikuwa na uzito.

"Shikamoo, Mama Siham. Karibu ukae, feni ni mbovu lakini dirisha ni zima."

"Marahaba, mwanangu. Tufanye haraka, nimefunga kibanda."

Tadeo alizitandaza karatasi za kampuni za simu. Vidole vyake vikapita juu ya jumla ya miamala, mamia ya mamilioni, bila kusimama.

"Hizi zote mbona unaziruka?" Shamsiya aliuliza.

"Hizi ni za watu, mama, zimepita tu mikononi mwako. Na floti nayo ni mtaji wako, si mapato. Mapato yako ni kamisheni." Akapigia mstari. "Milioni tisa na laki sita kwa mwaka."

"Mbona mimi sikuzipata zote?"

"Kampuni zilikata asilimia kumi ya kodi kabla hazijakufikia. Tunaandika ile nzima, na kilichokatwa tutakidai kama kodi uliyokwisha kulipa. Haya, nipe gharama."

Kodi ya kibaraza, milioni na laki mbili. Umeme, vocha, leseni, bodaboda za kwenda benki kubadilisha noti ziwe salio, milioni nyingine na laki mbili. Kisha mshahara wa Dorkasi.

"Laki na nusu kwa mwezi. Andika miezi kumi na mmoja. Desemba sikumlipa."

"Alifanya kazi Desemba?"

"Hadi karibu na Krismasi."

"Basi ni deni lako, nalo ni gharama ya mwaka huo. Naandika milioni moja na laki nane." Tadeo akajumlisha. "Gharama milioni nne na laki mbili. Faida milioni tano na laki nne."

Shamsiya akasogeza mbele karatasi aliyoiandika mwenyewe nyumbani. *Hasara: wizi wa mfanyakazi, 2,400,000.* Alikuwa ameandika na jina.

"Na hii. Ipunguze."

Tadeo aliisoma, akavua miwani. "Una karatasi ya polisi?"

"Shemeji yangu Khalifa yuko kituoni. Akiniandikia leo, saa tisa nakuletea."

"Ukienda polisi watamfuata binti, unajua?"

"Aliponiibia hakunihurumia."

Mhasibu aliiweka ile karatasi kando. Nje muuza kahawa aligonga vikombe vyake na kupita.

"Aliondoka Desemba. Tangu hapo nani anakaa dirishani?"

"Mimi peke yangu. Simwamini mtu tena."

"Floti leo asubuhi ilikuwa ngapi?"

"Milioni tatu," alisema Shamsiya.

Tadeo hakuinua macho. Ilikuwa kama anamstahi. "Imepungua laki sita kwa miezi mitatu, mama. Laki mbili kila mwezi. Na mwaka jana, milioni mbili na laki nne kwa miezi kumi na miwili..."

"Laki mbili kila mwezi," alimalizia Shamsiya mwenyewe.

"Jioni ukifunga, unachukua kitu kwenye droo?"

Alichukua mboga. Kila jioni aliangalia kwenye simu kamisheni ya siku, akachomoa elfu saba, elfu nane za samaki na nazi, akisema moyoni kwamba hilo ni jasho lake. Mwisho wa mwezi kamisheni ilipoingia, aliitoa, akalipa kodi ya kibaraza na mshahara, akaibeba yote iliyobaki kwenda nyumbani. Zile za jioni hakuzikata kamwe. Jasho lilelile alilila mara mbili, na mara ya pili lilikuwa mtaji.

"Hiyo siwezi kuiandika hasara," Tadeo alisema taratibu. "Ni matumizi yako ya nyumbani. Faida inabaki milioni tano na laki nne."

Shamsiya aliichukua karatasi yenye jina, akaikunja, akaikunja tena, mpaka haikukunjika zaidi. Uso ulimwaka hata akauvuta ushungi mbele.

Dorkasi alikuwa amepata kazi ya kutoa nakala huko Usagara. Mchana uleule Shamsiya alimkuta amezungukwa na wanafunzi, mashine ikinguruma. Akainama karibu na sikio lake, akanong'ona kwamba hesabu zimeonekana, kwamba hakuna aliyeiba, kwamba laki na nusu yake hii hapa.

"Sisikii, mama," alisema Dorkasi bila kuacha kupanga karatasi. "Siku ile uliongea ukasikika."

Mwanafunzi mmoja aligeuka kuwatazama. Shamsiya aliinuka wima.

"Nimesema hukuniibia, Dorkasi. Hela nilikula mimi. Nisamehe."

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Msichana alizipokea noti, akazihesabu kwa vidole vyepesi vya dirishani, akazitia kwenye mkoba uleule.

"Ahsante kwa mshahara. Hayo mengine nimeyasikia mimi na hawa watoto. Mama yangu mdogo anashona kwa Rahimu. Mpaka leo haniachii funguo za nyumba."

Hakuongeza neno. Mteja alitaka kurasa ishirini, mbele na nyuma.

Alasiri Shamsiya alirudi Ngamiani. Rahimu alikuwa kwenye cherehani yake, na watu watatu wamemzunguka wakisubiri nguo.

"Mama Siham! Umefunga kutwa nzima, umekwenda kumfunga yule mwizi wako?"

Wakacheka. Shamsiya alipanda kibarazani na safari hii hakupita pembeni. Alisimama palepale mbele ya wavu.

"Mwizi ni mimi, Rahimu."

Rahimu alizidi kucheka, akapiga paja. "Haya, wewe nawe leo una mizaha!"

Alingoja kicheko kiishe. Kisha, mmoja wa wale watatu alipomgeukia, akaanza kusema upya, tangu kwenye droo.