Kingo za Kijivu

Saa tatu asubuhi Okidi alimwita Hamim Fadhul ofisini, akausukuma mlango kwa kisigino mpaka ukajifunga, akamgeuzia kompyuta. Okidi alistaafu jeshi akiwa meja, akafungua kampuni ya vitabu vya Kiswahili vya shule kwenye mteremko wa Mbuya, na wafanyakazi wake waliendelea kumwita Afande.

Kwenye skrini palikuwa na picha ya ujumbe alioandika Okidi mwenyewe. Abalo, mchoraji, ana mimba. Mkataba wake usihuishwe. Itafutwe sababu ya uzembe. Ujumbe huo ulikwenda kwa wasimamizi watano tu. Mmoja wao aliupiga picha ya skrini kwenye kompyuta yake, akakata majina juu na chini, akampa Abalo. Abalo akaupeleka kwa afisa wa kazi, na afisa akamtumia Okidi faili lenyewe pamoja na wito.

"Nitajie mtu kabla ya saa kumi," Okidi alisema. "Leo ndiyo siku yake ya mwisho hapa, na hatapata barua ya sifa kwangu."

Hamim alirudi mezani kwake na faili hilo. Alikuwa Mnubi wa Bombo, mwenye umri wa miaka arobaini na saba. Alijifunza ufundi kwa kufungua redio za wajomba zake, kisha akakaa miaka sita kwenye kibanda cha sokoni Nakivubo akifufua kompyuta zilizokwisha kutupwa. Hakuwa na cheti hata kimoja. Alichokuwa nacho ni jina: kitu kikimshinda Hamim, kimekufa.

Akalikuza faili mara nane. Kingo za herufi zilikuwa za kijivu.

Ili kujua kwa nini kijivu kilimtisha, lazima kurudi nyuma miezi minne, siku Okidi alipoleta kutoka Dubai skrini moja ya OLED, pana, nyeusi kama lami. Aliinunua awaonyeshe wageni picha za vitabu, akaichoka baada ya wiki mbili, akampa Lamunu, msimamizi wa wasahihishaji. Lamunu alizaliwa katika kambi ya Mbuya, binti wa sajini, akakinywa Kiswahili pamoja na uji. Alisoma kurasa mia kwa siku. Kwenye skrini mpya alianza kulalamika kwamba herufi zina vivuli vya rangi, pinki juu na kijani chini. Kufikia mchana kichwa kilimgonga. Travis, msimamizi wa wachoraji, alisema mama mkubwa sasa anaona malaika, tumwitie padri. Wote walicheka. Hamim peke yake hakucheka.

Alikwenda Nakivubo kuazima lenzi ya fundi saa, akaibandika kwenye kioo. Katika skrini za kawaida, kila kitone kina taa tatu ndogo zilizosimama bega kwa bega: nyekundu, kijani, buluu. Katika hii, kijani kilikaa juu, nyekundu na buluu chini yake, kama mafiga matatu. Akamwita Lamunu atazame. Alimweleza kwamba Windows haijui hilo. Inadhani taa zimepangwa mstari, kwa hiyo hulainisha ukingo wa herufi kwa kuwasha theluthi moja ya kitone na kuzima nyingine. Taa zikiwa mahali pengine, ujanja huo huwa doa.

"Kwa hiyo sina wazimu," Lamunu alisema, jicho bado kwenye lenzi.

"Huna, dada. Mashine ndiyo inayo."

Kwanza alijaribu kirekebishi cha Windows kiitwacho ClearType, kinachokuonyesha sampuli za maandishi uchague iliyo safi. Zilikuwa afadhali kidogo tu, kwa sababu kila sampuli ilidhani taa zimepangwa mstari. Mwishoni aliingia ndani ya mipangilio, akaondoa ulainishaji wa rangi na kuweka wa kijivu: kitone kizima kififie au kikolee, taa zote tatu pamoja. Kivuli hakikuisha kabisa, maana taa zenyewe zilikaa walivyoziweka huko kiwandani. Lakini kilipungua hata Lamunu akasoma siku nzima bila kushika paji la uso. Ijumaa iliyofuata alimletea Hamim simsim ya kusaga kutoka kwa mama yake, kopo zima, na tangu hapo wakawa wanakunywa chai pamoja.

Mashine nyingine zote za ofisi zilibaki na rangi. Na rangi hizo si za kioo. Windows huzichora ndani ya picha yenyewe. Ukipiga picha ya skrini ya Travis na kuikuza, utaona wekundu upande wa kushoto wa kila mguu wa herufi na ubuluu upande wa kulia. Sasa, faili likiwa mbele yake, Hamim alihakikisha hilo kwa kupiga picha kwenye mashine nne za wasimamizi wengine, akisingizia kwamba anasasisha programu. Zote zilikuwa na rangi. Ya tano hakuwa na haja ya kuigusa.

Uongo alikuwa nao tayari, na ulikuwa mzuri. Picha ikipitishwa WhatsApp hubanwa, na rangi nyembamba kama hizo hufifia. Angesema hivyo, Okidi asingekuwa na la kumjibu. Kila alipopita karibu na meza ya Lamunu aliurudia kimoyomoyo. Lamunu alimtazama mara moja, akamwuliza kama ameshakunywa chai.

Saa kumi kasoro robo aliingia kwa Okidi na kusema haiwezekani kujua.

Okidi hakukasirika. Aliegemea kiti, akatabasamu, akasema hakuna neno, kuna kijana Nakasero mwenye vyeti vitatu, atamwita kesho. "Nilijua. Wewe Mnubi ni mtu wa kupangusa vumbi. Miaka yote hii nakulisha kwa sababu ya jina la Nakivubo, kumbe jina lenyewe ni la redio."

Travis alikuwa ameketi pembeni na karatasi za kusainiwa. Akacheka puani.

Labda ni kile kicheko. Hamim alivuta kiti bila kukaribishwa, akafungua picha zote tano kwenye mashine ya Okidi, akazikuza. Alieleza kingo nyekundu na buluu, akaeleza kijivu, akaeleza taa zilizokaa kama mafiga. Alieleza hata kwamba faili hili halikupitia WhatsApp, kwa maana lingekuwa limebanwa. Alieleza vizuri sana. Kisha Okidi akauliza, kwa upole, "Na hiyo ya kijivu ni ya nani?"

Travis akajibu badala ya Hamim: ya Lamunu.

Lamunu alipewa dakika kumi. Alitia kikombe na kamusi ndani ya mfuko, akapita mbele ya meza ya Hamim.

"Macho hayakuniuma tena," alisema. "Nilitaka ujue. Ulifanya kazi nzuri." Akatoka.

Abalo naye aliondoka mwisho wa mwezi, mkataba ulipokwisha. Okidi, aliyefurahi kama mtoto, alimpa Hamim kazi mpya: kila mashine ilainishwe kwa namna yake, moja iwe na rangi kali, nyingine hafifu, nyingine kijivu, ili picha yoyote itakayotoka ijulikane imetoka kwa nani. Hamim aliimaliza kwa siku moja. Kijivu, Okidi aliagiza, kiwekwe kwenye mashine ya Travis. Ile OLED irudishiwe rangi zake.

Msahihishaji mpya ni binti aitwaye Nabilah, ndiyo kwanza amemaliza chuo. Siku ya tatu alikuja kwa Hamim akijifikicha macho, akasema, "Mzee, samahani, mbona herufi zangu zina pinki?"

Hamim alimwambia akapime macho.