Biashara Ndogo Nyuma ya Ukuta Wangu

Nyinyi vijana ambao mtapanga nyumba za watu, na wengine wenu mtajenga mpangishe, nisikilizeni kidogo. Sikusoma sana. Nina ploti hapa Nakuru, vyumba vya mstari mmoja, na mimi mwenyewe naishi cha kwanza na wajukuu. Nataka mjue siku niliyoogopa kuliko siku zote.

Kwetu ruhusa haikuwa inaandikwa. Mpangaji anakuja mlangoni, anauliza habari za mvua na za shamba, halafu ndiyo anasema shida yake, na mtu yeyote wa familia aliye karibu anamjibu. Ndivyo kijana wa chumba cha pili, tuliyetenganishwa naye na ukuta mmoja, alivyouliza kama anaweza kufanya biashara ndogo kwa nyumba. Mimi nilikuwa Njoro kwa shamba. Mke wa mwanangu, anayenisaidia na ploti, alikuwa anaanika nguo. Akamwambia sawa, bora asipige kelele. Aliponieleza jioni, kichwani mwangu nikaona soksi na kadi za simu.

Mchana mmoja nilikuwa nachambua maharagwe nikasikia harufu ya gesi. Yetu ilikuwa imefungwa. Nikaifuata harufu mpaka kwa mlango wake, ulikuwa wazi nusu. Ndani, mtungi mkubwa ulikuwa umepinduliwa juu ya stuli, kichwa chini, na mpira umetoka kwake kuingia kwa mtungi mdogo. Mingine midogo ilikuwa imepangwa ikingoja. Huyu mtoto alikuwa anawajazia watu gesi. Pale mpira ulipofungwa ilikuwa inatoroka, nyeupe, na ikilia kama nyoka.

Na kwa koridoo, mama wa chumba cha mwisho, yule anayeshona sare za shule, alikuwa ameinama juu ya jiko la makaa, kiberiti mkononi.

Mjukuu wangu mdogo alikuwa amelala nyuma ya ule ukuta.

Nilimnyang'anya yule mama kiberiti, nikamsukuma nje. Kijana nikamwambia afunge mtungi. Watu nikawaambia mtu asiguse swichi, asiguse simu, milango na madirisha yote yafunguliwe, twende barabarani. Gesi ya mtungi ni nzito, inalala chini kama maji, haiishi haraka. Tulikaa nje muda mrefu, mjukuu niliyemtoa kitandani akiwa mgongoni mwangu.

Kijana akanifuata, uso umemshuka.

"Mathe, si niliruhusiwa? Hii ni biashara ndogo. Sina hata kibao mlangoni."

Hakuwa anadanganya. Hiyo ndiyo iliniogopesha zaidi. Aliambiwa ndogo, na machoni pake ilikuwa ndogo.

Mitungi iliondoka siku hiyo, na mwisho wa mwezi akahama. Lakini wapangaji wengine wakawa wananisimamisha kwa mfereji, wanataka nifukuze biashara zote, hata ya kushona. Mama wa sare akaja kwangu.

"Mama, kwani cherehani yangu nayo italipuka?"

Mke wa mwanangu akacheka. Mama wa sare hakucheka. Watoto wake wanakula kwa ile cherehani.

Nilihangaika. Nikikataa, namnyima chakula. Nikikubali, kesho nitapata nini tena nyuma ya ukuta? Na binti yangu, ambaye ni mwalimu, alisema kuna hatari nyingine: chumba cha kuishi kikigeuka duka, sheria inayokishika ni nyingine, na kumtoa mpangaji inaweza kuwa kesi.

Tukaketi na binti, yeye aandike. Kwanza aliandika "anaruhusiwa kushona." Nikamuuliza, na akileta mashine tano na wasichana wa kumsaidia? Akafuta. Tuliandika na kufuta mpaka ikawa hivi:

"Chumba kinabaki cha kuishi. Mpangaji anaruhusiwa kushona nguo ndani yake, kwa cherehani moja, mchana tu, bila kuajiri mtu na bila kibao. Haruhusiwi kazi ya moto, gesi, mafuta au dawa. Akitaka kubadilisha kazi, aombe kwanza na angoje jibu la maandishi. Ruhusa ni yake mwenyewe, haiendi kwa mtu mwingine, na akihama imekwisha. Akivunja haya, inaondolewa kwa maandishi."

Mama wa sare aliisoma mara mbili, akaweka sahihi, akaniuliza mchana ni kutoka saa ngapi mpaka saa ngapi. Tukaongeza: saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Kila mmoja akabaki na karatasi yake.

Bado nikisikia harufu yoyote nasimama. Usiku wa siku ile tuliyoweka sahihi niliita wa nyumbani kwangu wote, mpaka watoto, nikawaambia: "Mpangaji akiomba kufuga mbwa, akiomba kuuza, akiomba chochote, msiseme sawa. Muulizeni ni nini hasa, muingie mkione kwa macho, halafu mniite mimi."