Usaili wa Uopereta, Musoma

Miaka ile ya Ujamaa, kila mtu alikuwa ndugu, hata yule anayekutukana kwenye simu. Ndivyo mwenyekiti wa usaili alivyotufundisha asubuhi ile, sisi wasichana tuliokuja kuomba kazi ya uopereta wa simu Musoma mjini. Mteja akifoka, ni ndugu. Akitukana, ni ndugu aliyechoka.

Nilikuwa na hasira za karibu, na nyumbani Nyamuswa kila mtu alilijua hilo. Mama aliuza jogoo wake wa mbegu ili nishonewe gauni la usaili, akaniambia nikiikosa hii kazi, msimu wa pamba unaanza na jembe langu liko palepale nyuma ya mlango. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote.

Waliotusaili walikuwa watatu. Mwenyekiti, mtu wa Tanga, mpole, Kiswahili chake kimenyooka kama kimepigwa pasi. Wa pili ni opereta wa siku nyingi, mama mnene aliyekuwa akifuma kitambaa cha meza bila kuinua macho. Wa tatu, fundi wa simu, kazi yake ilikuwa kukaa chumba cha pili na kujifanya mteja mkorofi. Kati ya vyumba hivyo palikuwa na ukuta wa mbao.

Simu ikalia mezani. Nikainua.

"Nipe Mwanza!"

"Habari za asubuhi, ndugu. Namba yako, na namba unayoitaka Mwanza?"

Akazitaja kwa kufoka. Nikaziandika, nikamrudishia moja moja kama tulivyoelekezwa.

"Laini za Mwanza zote zina watu, ndugu. Weka simu chini, ikipatikana nitakuita."

"Saa ngapi?"

Hapo ndipo wenzangu wawili walipoangukia, wakaahidi saa ambayo hawaijui. "Siwezi kukuahidi saa, ndugu. Nitakuita mara laini itakapopatikana."

"Mnalalaga huko! Mimi nina lori la pamba limekwama Bunda, wewe unaniambia ningoje? Nasemaga mara moja tu mimi!"

"Pole na lori, ndugu. Namba yako ninayo, uko kwenye foleni."

Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikajiona nimeshakaa kwenye kiti cha kuzunguka cha opereta. Yule fundi naye, nadhani aliona mambo yanakuwa laini mno.

"Binti gani wewe! Mama yako alikulea au alikuwaga sokoni anauza kuku, akakuacha ulelewe na mbuzi?"

Alibahatisha tu, maskini. Hakujua habari za jogoo. Lakini damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikaulaza mkono wa simu kifuani, nikaziba mdomo wake kwa kiganja, nikageukia ukuta, nikasema yote kwa Kiikizu, lugha ya kwetu. Nilimtakia ng'ombe wake wakaukiwe maziwa. Nilimtakia ndama wazaliwe wakitazama nyuma. Nikafunga na jambo kuhusu fahali wake ambalo hata leo, mtu mzima, siwezi kuliandika. Kisha nikavuta pumzi, nikarudisha simu sikioni.

"Bado nipo, ndugu. Mwanza bado ina watu. Nitakuita."

Simu ikakatwa.

Mwenyekiti aliniangalia kwa mshangao. "Ulikuwa unasema nini pale ukutani?"

Nikaliona jembe, mpini na kila kitu. Yule mama mnene akasema, sindano yake ikiendelea, "Anaomba dua, ndugu mwenyekiti. Huku kwetu tunaombaga hivyo, tukikosewa."

Mlango ukafunguliwa, fundi akaingia. Nilipomtazama usoni nilijua. Ule ukuta wa mbao haukumficha neno, na huyu alikuwa mtu wa kwetu.

"Umeisikia dua yake?" mwenyekiti akamwuliza.

Fundi akanigeukia. Niliogopa kama sijawahi kuogopa.

"Nimeisikia," akasema. "Ameniombea sana, mzee. Mimi, na ng'ombe wangu, na ndama. Hakumsahau hata fahali."

Yule mama akashindwa, akajificha uso kwenye kitambaa, mabega yakimcheza. Mwenyekiti akasema kazi hii inataka watu wacha Mungu, nije Jumatatu nianze kufundishwa ubao wa kuunganishia simu.

Nilitoka mbio kwa furaha. Fundi akanikimbilia koridoni, uso wake sasa hauna mchezo hata kidogo.

"Dada," akasema kwa Kiikizu, akininyooshea viganja vyote viwili wazi, "wale ng'ombe ni wa baba yangu. Tafadhali, ondoa."

Nikamtemea mate ya baraka viganjani, kama bibi alivyokuwa akitufanyia, nikawataja ng'ombe wote kwa wema, na fahali nikamtaja mara mbili.