Mirija Iliyobaki Buluu

Nilifanya kazi katika maabara moja Changamwe mpaka nikastaafu. Sikuwa daktari. Niliishia kidato cha nne. Kukata uvimbe na kuupaka rangi nilijifunzia kazini. Daktari ndiye aliyesoma, lakini nami darubini niliijua.

Ijumaa moja jioni dada wa mgonjwa alileta uvimbe wa titi. Kwetu ndivyo ilivyo: ukipasuliwa, jamaa zako hubeba chombo chenye nyama hadi maabara. Uvimbe ulikuwa mzima, kama ngumi. Ilinipasa niupasue palepale ili fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isiharibike, iingie hadi ndani. Nikaona utangoja, nikafunga mlango. Jumatatu nilipoukata, nje ulikuwa umekakamaa, ndani bado laini kama nyama mbichi.

Nikaupaka ile rangi ya kutafuta vipokezi vya homoni. Vikiwapo, viini vya seli hugeuka kahawia. Visipokuwapo, hubaki buluu. Ila kila kioo chenye kipande cha nyama kina shahidi wake: mirija ya maziwa isiyo na ugonjwa, pembeni mwa saratani. Humo lazima baadhi ya viini viwe kahawia. Visipokuwa, kipimo kimeharibika, na hakuna jibu lolote la kutoa.

Mirija ile ilikuwa buluu tupu. Niliiona kabla ya daktari.

"Mzee, rangi zako zimegoma leo?" akatania, jicho kwenye darubini.

"Kioo cha kulinganishia kimeshika, daktari."

Kilishika kweli, kilikuwa cha nyama ya mtu mwingine, iliyohifadhiwa vizuri. Nilisema kweli ili nifiche kweli.

"Basi hasi," akasema, akaandika. Mirija angeiona naye, lakini alikuwa na trei tatu mbele yake. Ningemwonyesha, angeniuliza habari za Ijumaa.

Kwa neno lile yule mama mgonjwa hakupewa vidonge vya kuzuia homoni, vinavyowafaa wenye vipokezi tu. Alitiwa dawa za mishipani, akarudi kwake Mtopanga. Mwaka wa pili ukatoka uvimbe chini ya shingo, juu ya mtulinga. Huo niliukata saa ileile. Viini vyote kahawia, vizito. Nikatoa kioo cha zamani kabatini, nikamwambia daktari kila kitu. Kisha nikaenda Mtopanga.

"Hivyo vidonge vilikuwapo muda wote huo?" mama aliuliza.

"Vilikuwapo."

"Na ulijua?"

"Nilijua kipimo kimeharibika. Nikanyamaza."

Dada yake akasimama. "Toka, mzee. Nilikuletea chombo kwa mikono yangu miwili!"

"Mwache kwanza anijibu," mama akasema. "Nikivimeza sasa, nitapona?"

"Kupona, hapana. Vitaupunguza ugonjwa mwendo."

"Haya. Sasa toka."

Alivimeza. Uvimbe ulinywea, akarudi sokoni, akaishi miaka mitatu tena. Watu huniambia nijifariji na hiyo. Siwezi. Kila mwezi aliouishi ulinionyesha jinsi vidonge vingemfaa tangu mwanzo.